Siyo amiba, ni pipi zako zisizo na sukari

Mwezi huu peke yake, kwenye kliniki ya kisukari ninakotoa ushauri wa lishe, nimepokea wazee watatu waliotibiwa amiba wasiyokuwa nayo. Wa mwisho ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Alikuwa amemaliza dozi mbili za metronidazoli ndani ya wiki sita, tumbo limejaa kama ngoma kila jioni, choo maji mara nne kwa siku. Nikamwuliza anakula nini tangu aache sukari. Akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea mezani pakiti ya pipi aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Ulaya. "Hizi hazina shida, mwanangu. Hazina sukari."

Hoja ninayoisikia kila siku ni hii: "Hazina sukari, kwa hiyo haziwezi kuharisha. Hii ni amiba."

Hapa ndipo ninapochoka kuliko pote, maana jibu limeandikwa kwenye pakiti ileile. Nyuma yake, kwa herufi ndogo, kiungo cha kwanza kilikuwa sorbitoli, E420, kitamu cha jamii ya alkoholi za sukari kinachowekwa badala ya sukari. Chini yake kulikuwa na onyo kwamba ukizidisha utaharisha. Umoja wa Ulaya unalazimisha onyo hilo kwenye kila chakula kilichoongezwa vitamu vya jamii hii zaidi ya asilimia 10. Mzee hakulisoma, na aliyempa dawa hakuuliza.

Tufanye hesabu yake. Kila pipi ilikuwa na uzito wa gramu 3 hivi, na karibu yote ni sorbitoli. Alikuwa anamumunya nane kwa siku, kwa hiyo alikuwa anameza kama gramu 23. Watu wengi huanza kujaa gesi wakifika gramu 10 kwa siku, na wakifika 20 baadhi yao huharisha. Wapo wanaosumbuka hata kwa gramu 5. Mzee wetu alikuwa ameshavuka mpaka siku nyingi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Glukosi ikifika kwenye utumbo mwembamba hupokelewa na wabebaji maalumu walioko kwenye kuta, wakaivusha upesi hadi kwenye damu. Sorbitoli haina mbebaji wake. Inapenya yenyewe kidogokidogo, na chakula hakiisubiri, kinaendelea kushuka. Sehemu kubwa inabaki ndani ya utumbo, na kwa kuwa utumbo hauvumilii kimiminika kizito kuliko damu, maji yanavutwa kutoka mwilini kuja kukizimua. Zile gramu 23, kama zote zingebaki bila kufyonzwa, zingeshikilia zaidi ya mililita 400 za maji, yaani zaidi ya chupa ya soda. Hayo maji lazima yapite mahali.

Kisha mzigo unafika kwenye utumbo mpana, walikojaa bakteria. Wao sorbitoli wanaipenda. Wanaichachusha, wanatoa haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Ndiyo ile ngoma ya jioni. Lakini uchachushaji huohuo unazalisha asidi ambazo utumbo mpana hufyonza pamoja na maji. Ndiyo maana anayekula kidogo hupata gesi tu bila kuharisha: bakteria wamewahi kuimaliza sorbitoli, na maji yamerudi mwilini. Kiasi kikizidi uwezo wao, maji yanabaki na choo kinalegea.

Sasa fikiria unamwagia metronidazoli bakteria hao hao. Dawa hiyo inaua wengi wa wale wanaoishi bila hewa, ndio wachachushaji wenyewe. Haimsaidii mtu huyu, na inaweza kumwongezea.

"Mbona nilipokunywa dozi ya kwanza nilipona?" mzee akaniuliza. Swali zuri, na nalisikia kila mara. Nikamwuliza kama wakati wa dozi aliendelea na pipi. Akafikiri, akasema hapana, mdomo ulikuwa na ladha ya chuma, kila kitamu kilimkinai. Basi hapo ndipo alipopona. Dozi ilipoisha ladha ikarudi, pipi zikarudi, na kuhara kukarudi. Kila mtu akasema amiba imekuwa sugu.

Kipimo ninachowapa hakina gharama. Acha kabisa pipi, bigijii na biskuti zisizo na sukari kwa siku tatu, chakula kingine kibaki vilevile. Kuhara kwa sorbitoli hukoma ukiacha kuila, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili, na kwa kawaida hakukuamshi usiku wa manane. Ukiona damu, homa, au choo kinakutoa kitandani, hiyo si kazi ya pipi, nenda ukapimwe. Mzee alinipigia simu siku ya tatu. Choo mara moja, kigumu. Sasa anamumunya mbili baada ya chakula cha mchana na tumbo limetulia.

Na msidhani hospitali kubwa hazidanganywi na kitu hiki. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa wawili waliopimwa kwa muda mrefu kwa sababu ya kuhara na kukonda. Mmoja, msichana wa miaka 21, alikuwa amepungua kilo 11. Alikuwa anatafuna bigijii nyingi kila siku, jumla ya sorbitoli gramu 18 hadi 20. Alipoacha, kuhara kukaisha na uzito ukarudi.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Basi inasafisha tumbo na kupunguza mwili." Mama mmoja alizinunua makusudi kwa ajili hiyo. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili. Mafuta yako yapo palepale, na sorbitoli yenyewe ina kilokalori 2.6 kwa gramu, kiasi kinachofyonzwa hugeuzwa fruktosi na ini. Mwenye kisukari aihesabu.

"Ni mzio." Hapana. Kinga ya mwili haihusiki hata kidogo, kwa hiyo msilipie vipimo vya mzio kwa jambo hili. Ni wingi dhidi ya uwezo wa utumbo wako.

"Ni alkoholi, kwa hiyo ni haramu." Swali hili naliheshimu. Jina "alkoholi za sukari" ni la wanakemia, linatokana na umbo la molekuli. Hakuna ethanoli humo na hailevyi.

"Ni kemikali za viwandani, matunda hayana." Peasi, tufaha na plamu zina sorbitoli yake ya asili, na plamu kavu zinalegeza choo kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo. Mtoto mdogo anayeshindia juisi ya tufaha akiharisha, anza na juisi.

"Vitamu vyote vya jamii hii ni sawa." Erithritoli molekuli yake ni ndogo, hufyonzwa karibu yote kwenye utumbo mwembamba na kutoka na mkojo, ndiyo maana inasumbua kidogo. Maltitoli na manitoli zina tabia za sorbitoli. Zailitoli iko katikati.

"Dawa haiwezi kuwa nayo." Dawa nyingi za maji zimetengenezwa kwa sorbitoli ili ziwe tamu na zisigande. Mgonjwa anayelishwa kwa mpira, anayepewa dawa tatu nne za maji kwa siku, anaweza kufikisha gramu 20 bila kula pipi hata moja. Kabla hamjabadilisha uji wake, mwulizeni mfamasia kama dawa hizo zipo kwa vidonge vinavyoruhusiwa kusagwa.