Kwa nini skripti hulegea katikati hata ikijaa matukio?

*"Nimeandika skripti ya filamu yangu ya kwanza, kurasa 95. Niliowapa wasome wanausifu mwanzo na mwisho, ila wanasema katikati panachosha. Mmoja kanishauri niweke ugomvi. Nirekebishe vipi?" – Mwandishi, Kigoma*

Ugomvi usiuweke kwanza. Msomaji anayesema amechoka anasema kweli kuhusu pale alipochokea, lakini dawa anayoipendekeza mara nyingi ni kukisia tu. Warudie wasomaji wako uwaulize jambo moja: ni ukurasa wa ngapi waliposimama wakaenda kunywa maji au kushika simu? Kwa skripti yako, ambayo nimeisoma yote, mimi nilisimama ukurasa wa 38.

Kwa wasiojua hadithi yenyewe: Zuhura ni mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Baba yake amefariki, na mkopeshaji ameshikilia mtumbwi na injini kwa deni la shilingi milioni 3. Zuhura amepewa muda hadi mwezi mpevu. Muda huo umechaguliwa vizuri sana, kwa sababu dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti tena samaki. Kila mtu wa ziwani anaielewa saa hiyo bila kuelezwa.

Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini. Sehemu yako ya kwanza inaishia ukurasa wa 25, ya pili inakwenda hadi wa 72. Hizo ni dakika 47, karibu nusu ya filamu. Ndani yake Zuhura anamwomba pesa baba mdogo wa Ujiji, anakataliwa. Anaomba VICOBA, mfuko hauna kitu. Anapanda treni kwenda Tabora kwa kaka yake, kaka hana. Anarudi, kuna harusi, kisha mkopeshaji anakuja kutisha.

Sasa chukua sini ya baba mdogo na ile ya VICOBA, uzibadilishane nafasi. Soma tena. Hakuna kilichoharibika, si ndiyo? Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kila mara Zuhura anatoka kwenye sini akiwa pale pale alipoingia: hana pesa, hajapoteza kitu, hajamkosea mtu. Mtazamaji anagundua mapema kuliko unavyodhani kwamba jibu litakuwa "hapana" tena, na akishagundua, anaacha kusubiri. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alilalamikia jambo hilihili katika tamthilia za wakati wake: visa vinavyofuatana bila kimoja kukilazimisha kingine kutokea. Kwake hiyo ilikuwa aina mbaya kuliko zote. Ukiweka ugomvi, utakuwa umeongeza kisa kingine cha kubadilishana nafasi.

Fanya hivi kabla ya kugusa mazungumzo hata mstari mmoja. Andika kila sini ya sehemu ya pili kwenye kipande chake cha karatasi, sentensi mbili tu: Zuhura anaingia akitaka nini, na anatoka akiwa na nini ambacho hakuwa nacho, au amepoteza nini. Karatasi ambayo sentensi yake ya pili inasema "bado hana pesa" iweke kando. Kwako zitakuwa nyingi. Usizichane, maana baadhi zina watu wazuri ndani yake.

Kisha rudi nyuma. Nimeona mara nyingi kwamba katikati inapolegea, chanzo kiko kurasa chache kabla, mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Ukurasa wako wa 25 Zuhura anaapa kwamba atazitafuta hizo pesa. Kiapo hicho hakimgharimu chochote, hivyo hakuna kinachoweza kumfuata huko mbele.

Tujaribu kukibadilisha. Ukurasa wa 25 mkopeshaji anamwambia: chukua mtumbwi leo, ila uniachie rehani shamba la michikichi la mama yako. Zuhura anatia saini bila kumwambia mama. Tangu hapo mtumbwi uko mikononi mwake, anaweza kuvua, na kuna kitu kinachoweza kupotea ambacho hata si chake.

Angalia sini zile zile zinavyobadilika. Baba mdogo anauona mtumbwi ufukweni, anauliza umerudi vipi. Zuhura anadanganya kwamba VICOBA wamemkopesha. Baba mdogo, kwa furaha, anampongeza mama. Lakini mama ni katibu wa kikundi hicho, anajua hakuna mkopo uliotoka, kwa hiyo anateremka Kibirizi kuuliza. Zuhura amebanwa. Anaugeuza uongo uwe kweli: anasema mkopo ndio anakuja kuuomba. Kikundi kinataka mdhamini, na mama anajitolea, bila kujua kwamba shamba lake tayari limewekwa rehani. Hebu jaribu sasa kuitanguliza sini ya VICOBA kabla ya ile ya Ujiji. Haiwezekani, maana bila uongo wa Ujiji hakuna safari ya VICOBA.

Karibu na ukurasa wa 47, katikati kabisa ya filamu, anapeleka shilingi milioni 1.5. Mkopeshaji anazipokea na kumwonyesha karatasi ya deni la awali. Iliyosainiwa si jina la baba. Ni jina la kaka. Hadi hapo tulikuwa tunajiuliza kama atapata pesa. Kuanzia hapo tunajiuliza kama atamfichua kaka yake kwa mama, na swali hilo ni gumu zaidi kwa sababu yeye mwenyewe ana siri ya saini. Bila badiliko la namna hii mahali hapo, dakika 47 za swali moja ni ndefu mno, hata uandike kwa ufundi gani.

Kwa hiyo safari ya Tabora inahama kutoka ukurasa wa 38 hadi wa 52, na haendi kuomba tena, anaenda kudai. Ile harusi ambayo ilikuwa mapambo tu inageuka kuwa mahali ambapo mama, kaka, baba mdogo na mkopeshaji wanakula sahani moja huku kila mmoja akijua kipande chake. Mimi ningeimaliza sehemu ya pili hapohapo harusini. Utapoteza kurasa kadhaa, na hilo ni jema.

Kipimo cha kubadilishana sini kina mpaka wake. Filamu ya safari, au ya vichekesho, inaweza kubeba sini mbili tatu zinazohamishika bila kuumia. Hadithi yenye tarehe ya mwisho kama yako haiwezi, kwa sababu kila sini isiyosogeza kitu inakula usiku mmoja wa giza bure.

Ukimaliza, usiwape wale wasomaji wa mwanzo, kwani wanajua mwisho na watakuwa wanalinganisha. Mpe mtu mpya, mwambie asimame ukurasa wa 50, umuulize: unadhani Zuhura atafanya nini? Akijibu "sijui, labda atapata pesa," rudi kwenye karatasi zako. Akianza kubishana na nafsi yake, kwamba amwambie mama au amlinde kaka, basi anza kusafisha mazungumzo.