Ukwasi na uegemezi wa mikopo: wauza dagaa wawili wa Kibirizi

Tuseme swali linakupa wafanyabiashara wawili, A na B, wanaonunua dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, na kuwapeleka Dar es Salaam. Unaulizwa nani yuko imara zaidi.

Anza na ukwasi, yaani uwezo wa kulipa madeni yanayoiva ndani ya mwaka bila kuuza gari wala jengo. A ana mali za muda mfupi za shilingi milioni 60 na madeni ya muda mfupi ya milioni 30, kwa hiyo uwiano wake ni 2 kwa 1. B ana 36 kwa 24, yaani 1.5 kwa 1. Wengi huishia hapo na kumpa A ushindi, na ndipo wanapopoteza alama, maana hawajaingia stooni.

Katika zile milioni 60 za A, milioni 42 ni dagaa. Dagaa walionyeshewa wakiwa kwenye vichanja hubadilika rangi na kutoa harufu, na mnunuzi huwataka kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo maana tunaondoa bidhaa na kupima upya. A anabaki na 18 kwa 30, yaani 0.6. B ana dagaa wa milioni 9 tu, hivyo anabaki na 27 kwa 24, sawa na 1.1. Sasa B ndiye anayeweza kulipa. Lakini mtazame naye: milioni 15 kati ya hizo 27 ziko kwa wateja waliokopa. Ikiwa 10 kati yake ziko kwa mteja mmoja aliyekwishafilisika, B anashuka hadi 0.7.

Uegemezi wa mikopo hupima jambo jingine: katika mtaji wote wa muda mrefu, fungu gani ni la benki? A ana mkopo wa milioni 20 na mtaji wake mwenyewe milioni 80, yaani asilimia 20. B ana mkopo wa 60 na mtaji wa 40, yaani asilimia 60. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, A analipa milioni 3.6, B milioni 10.8. Kila mmoja hupata faida ya milioni 14 kabla ya riba, hivyo B anapumua, ila kwa shida.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu kama hiyo ikiondoa robo tu ya faida, inabaki milioni 10.5. A analipa riba na kubakiwa na karibu milioni 7. B hafikishi hata riba yenyewe, na kodi ya stoo haijasimama.

Kwa hiyo ningeandika hivi: anayetaka kuuza mzigo kwa mkopo wa siku 30 amwendee B, baada ya kuuliza habari za wadaiwa wake. Benki inayofikiria mkopo wa miaka mitano imwendee A.