Milioni tano zisizo faida: dhana potofu kuhusu kugeuza hesabu za kampuni tanzu ya nje

Mzee mmoja wa hapa Malindi, mfanyabiashara mwenye kampuni tanzu Dubai, alinifungulia hesabu za kundi lake, yaani za kampuni mama na kampuni tanzu zikiunganishwa, za mwaka 2023, akaweka kidole juu ya mstari wa faida na kuniambia, "Mwanangu, Dubai imetupa karibu milioni tisa. Tugawane lini?" Nilikuwa nimekwisha kuyasikia maneno hayo kwa wateja wengine wawili, na kila mara chanzo kilikuwa kimoja: karani aliyegeuza hesabu za dirhamu kuwa shilingi alipata mizania isiyolingana, akaitia tofauti yote kwenye faida ili mambo yaishe. Kwa sababu kosa hili linaweza kuila mitaji ya watu, nitalieleza kwa kirefu, na mengine nitayapitia kwa ufupi.

Dhana: tofauti inayobaki baada ya kugeuza hesabu ni faida, kwa kuwa shilingi imeshuka na sisi tuna mali nje

Tarakimu za mzee nimezificha na kuweka nyepesi badala yake, lakini viwango vya ubadilishaji ni vya kweli, nimevipeleka tu kwenye namba nzima iliyo karibu. Dola moja ilikuwa takriban shilingi 123 mwishoni mwa 2022, ikafika takriban 156 mwishoni mwa 2023. Dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha dirhamu 3.6725, kwa hiyo ilifuata mwendo uleule: kutoka shilingi 34 hadi 43, na wastani wa mwaka mzima ukawa 38.

Tuseme kampuni mama ya Malindi ilianzisha kampuni tanzu hiyo siku ya mwisho ya 2022 kwa mtaji wa dirhamu 500,000, sawa na shilingi 17,000,000. Kampuni tanzu huuza mashine za boti kwa wateja wa hukohuko, hulipa mishahara kwa dirhamu na hukopa kwa dirhamu, kwa hiyo sarafu yake ya utendaji, yaani ile inayotawala shughuli zake za kila siku, ni dirhamu bila ubishi. Mwaka 2023 ilipata faida ya dirhamu 100,000 na haikulipa gawio lolote, hivyo ilimaliza mwaka ikiwa na mali halisi, yaani mali baada ya kutoa madeni, ya dirhamu 600,000.

IAS 21, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu sarafu za kigeni, inataka mali na madeni yageuzwe kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, na mapato na matumizi kwa viwango vya siku yalipotokea, ambavyo kwa kawaida tunaruhusiwa kuviwakilisha kwa wastani. Mtaji hubaki na kiwango cha siku ulipotolewa, kwa sababu ni lazima ufutane na gharama ya uwekezaji iliyomo katika vitabu vya kampuni mama. Basi upande mmoja wa mizania una 600,000 mara 43, ambazo ni shilingi 25,800,000. Upande wa pili una mtaji wa 17,000,000 na faida ya 100,000 mara 38, ambayo ni 3,800,000, jumla 20,800,000. Zimepungua shilingi 5,000,000, na hapo ndipo makarani wengi hudhani wamekosea.

Hawakukosea. Tofauti hiyo ina sehemu mbili, na kila moja inaweza kuthibitishwa peke yake. Mali halisi ya dirhamu 500,000 iliyokuwapo mwanzo wa mwaka ilipimwa kwa 34 wakati huo na sasa inapimwa kwa 43: shilingi 9 kwa kila dirhamu, sawa na 4,500,000. Faida ya dirhamu 100,000 iliingia katika hesabu ya faida na hasara kwa 38, lakini fedha au bidhaa zilizotokana nayo zimo katika mizania kwa 43: shilingi 5 kwa kila dirhamu, sawa na 500,000. Ukizijumlisha unapata 5,000,000 kamili.

Sasa mtu ajiulize kile nilichomuuliza mzee: fedha hizo ziko benki gani? Haziko Dubai, kwa maana kampuni ya Dubai haikuongeza hata dirhamu moja zaidi ya zile 100,000. Haziko Malindi, kwa maana hakuna aliyetuma chochote. Kilichobadilika ni kipimo tunachokitumia kuisoma mali ileile. Ndiyo maana kanuni inataka tofauti hiyo ipelekwe katika mapato mengine ya jumla, chini ya mstari wa faida, kisha ilimbikizwe katika akiba yake yenyewe ndani ya mtaji wa wenye hisa, ikiwa na jina lake: akiba ya tofauti za ubadilishaji. Faida halisi ya Dubai kwa mwaka ule ilikuwa shilingi 3,800,000. Ile "karibu milioni tisa" ya mzee ilikuwa 8,800,000, faida iliyochanganywa na kipimo.

Nilimwomba mzee tuendelee na mwaka wa 2024, kwa sababu hapo ndipo maneno hayahitajiki tena. Mwezi Februari 2024 Kenya ilitoa hati fungani mpya ya kimataifa ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, na shilingi ikapanda kwa kasi. Mwisho wa mwaka dola ilikuwa takriban 129, hivyo dirhamu ilifunga kwa 35, na wastani wa mwaka ukawa takriban 37. Tuseme Dubai ilipata tena faida ya dirhamu 100,000 bila gawio. Mali halisi ya mwanzo, dirhamu 600,000, ilishuka kutoka 43 hadi 35, yaani ilipungua shilingi 4,800,000. Faida ya mwaka, iliyoingia kwa 37 na kupimwa kwa 35, ilipungua 200,000. Jumla ni 5,000,000 hasi, na akiba yote ikarudi sifuri. Mali halisi ya mwisho, dirhamu 700,000 kwa 35, ni 24,500,000. Mtaji wa 17,000,000 pamoja na faida mbili za 3,800,000 na 3,700,000 unatoa 24,500,000 ileile.

Kama mzee angegawa zile milioni tano mwaka uliotangulia, angekuwa amezitoa katika fedha za duka la Malindi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuzitoa, na mwaka uliofuata hesabu za kundi zingeonyesha Dubai ikipata hasara ya 1,300,000 katika mwaka ambao ilipata faida nzuri kwa dirhamu zake. Hata kisheria gawio hulipwa na kampuni mama kutoka katika faida zake yenyewe zilizopatikana hasa. Hesabu za kundi hazina mfuko wa kulipa mtu. Ninawasihi wateja wangu wakumbuke hilo kabla hawajatamka neno gawio.

Dhana: ukitumia kiwango cha kufunga kwa kila kitu, tofauti haitokei

Hii ndiyo dawa ambayo makarani hujitibia kwa siri, na ni mbaya zaidi kwa sababu mizania hulingana na hakuna anayeshtuka. Katika mfano wetu wa 2023, mtaji kwa 43 ni 21,500,000 na faida kwa 43 ni 4,300,000. Jumla ni 25,800,000, na kila mtu ametulia. Lakini wakati wa kuunganisha hesabu, mtaji wa 21,500,000 hauwezi kufutana na uwekezaji wa 17,000,000 uliomo katika vitabu vya kampuni mama. Zinabaki 4,500,000 zisizo na mwenyewe. Ziada nyingine ya 500,000 imo ndani ya faida. Ni zile milioni tano zilezile, ila zimekosa mahali pake. Nikipewa hesabu za kundi nisizozijua, kwanza hutazama mtaji wa kampuni tanzu kwa shilingi katika miaka miwili mfululizo, na ukiwa umebadilika ilhali hakuna hisa mpya zilizotolewa, najua kilichofanyika.

Dhana: wastani ni kiwango cha mwanzo na cha mwisho, ukigawa kwa mbili

Kwa 2023 njia hiyo inatoa 38.5, nayo haiko mbali, na ndiyo sababu watu huiamini. Kwa 2024 inatoa 39 dhidi ya 37, kwa sababu shilingi ilipata nguvu ndani ya miezi michache ya mwanzo, kisha ikakaa karibu palepale hadi Desemba. Wastani lazima uchukue siku zote au angalau miezi yote kumi na miwili.

Hata wastani sahihi wa mwaka haufai daima. Dirhamu ilikuwa juu ya 43 mwezi Januari 2024, nayo ilikuwa chini ya 36 katika nusu ya pili ya mwaka. Kampuni inayouza sehemu kubwa ya bidhaa zake Januari na Februari haiwezi kuyageuza mauzo hayo kwa 37, na IAS 21 yenyewe inaukataza wastani pale viwango vinapoyumba sana. Ushauri wangu, ambao sichoki kuurudia, ni kugeuza hesabu ya faida na hasara mwezi kwa mwezi, kila mwezi kwa wastani wake, na kuziweka tarakimu hizo katika karatasi moja inayotiwa sahihi. Kazi hiyo haizidi saa moja kwa mwezi. Muamala mmoja mkubwa, kama kuuza ghala, ugeuzwe kwa kiwango cha siku yake.

Dhana: ghala lilinunuliwa dirhamu ikiwa 34, basi libaki kwa 34

Hapana. Mali zote za kampuni tanzu, za kudumu na za muda, hugeuzwa kwa kiwango cha kufunga, na hata gudwili, yaani ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali halisi wakati wa kuinunua kampuni hiyo, huhesabiwa kuwa mali yake na hugeuzwa vivyo hivyo. Uchakavu hugeuzwa kwa wastani, na kwa hiyo jedwali la mali za kudumu huhitaji safu ya tofauti za ubadilishaji ili mwanzo na mwisho vikutane.

Dhana: akiba hiyo haigusi faida kamwe

Huigusa siku moja, siku kampuni tanzu inapouzwa. Wakati huo kiasi chote kilicholimbikizwa huondolewa katika akiba na kuingizwa katika faida au hasara ya mauzo. Kundi ambalo halikuitunza akiba yake mwaka kwa mwaka hulazimika kurudi nyuma miaka yote kuijenga upya, na nimewahi kuifanya kazi hiyo kwa majalada ya miaka kumi na moja yaliyotoka katika duka moja la Lamu, bila karatasi hata moja ya viwango.