“Benki imenila!” Hesabu siku kwanza

Mteja anaingia na bahasha ya stetimenti za mwaka mzima, na kabla hajaketi ameshatoa hukumu: benki imemwibia riba. Nikimuuliza amejuaje, jibu ni lile lile nililolisikia kwa wenye maduka na wenye malori hapa Mombasa mpaka nimelichoka. “Mwisho wa mwezi nilikuwa nadaiwa laki tatu. Asilimia 18 kwa mwaka, gawanya kwa 12, ni 4,500. Wao wamekata elfu ishirini na kitu!”

Dhana: riba ya ovadrafti huhesabiwa kwa salio la mwisho wa mwezi

Hapana. Riba ya ovadrafti huhesabiwa kwa deni la kila siku, kisha hukatwa mara moja mwishoni mwa mwezi. Salio la tarehe 30 ni deni la siku moja tu, tena kwa kawaida ni siku ambayo mfanyabiashara amekusanya madeni yake na akaunti inapendeza.

Chukua mwezi wa Aprili wa duka moja la vifaa vya ujenzi, lenye ovadrafti ya milioni 2 kwa asilimia 18. Tarehe 1 hadi 10 lilikuwa linadaiwa 1,200,000. Tarehe 11 hadi 24 deni lilipanda hadi 1,850,000, kwa sababu saruji na mabati vilikuwa vimeagizwa. Tarehe 25 hadi 29 lilikuwa 900,000, na tarehe 30 likashuka hadi 300,000. Zidisha kila deni kwa siku zake, ujumlishe, upate shilingi-siku 42,700,000. Zidisha kwa 18, gawanya kwa 36,500 (yaani siku 365 mara 100 za asilimia), na riba ni 21,057.53. Ile 4,500 ya mteja haikuwa na maana yoyote.

Stetimenti lakini ilionyesha 21,994.52. Pengo la shilingi 937 mteja akalishika kama kamba ya kuokoa maisha, na hapa ndipo watu wengi hupotea mara ya pili. Stetimenti ina tarehe mbili: siku muamala ulipoandikwa, na siku benki inapozihesabu pesa kuwa zako. Ya pili huandikwa `VALUE DATE`, na riba hufuata hiyo. Deni lilishuka tarehe 25 kwa hundi ya 950,000, lakini `VALUE DATE` ya hundi ilikuwa tarehe 27. Siku mbili mara 950,000 kwa asilimia 18 ni shilingi 936.99. Pengo limekwisha, na kosa halikuwapo.

Kwa hiyo usitumie safu ya salio iliyochapishwa na benki, maana hufuata tarehe ya kuandikwa. Panga upya miamala yote kwa `VALUE DATE`, ujenge salio lako mwenyewe. Kwenye jedwali la kompyuta, A ni tarehe, B ni kiasi (kilichotoka kiwe na alama ya kutoa), C ni salio, D ni shilingi-siku:

```
C3:  =C2+B3
D2:  =MAX(0,-C2)*(A3-A2)
```

Mstari wa 2 uwe salio la kufungulia mwezi, na mstari wa mwisho uwe tarehe 1 ya mwezi unaofuata, la sivyo utaipoteza siku ya mwisho. Miamala mingi ya siku moja isikutishe: tofauti ya tarehe inakuwa sifuri, na salio la mwisho la siku ndilo linalobaki. `MAX` iko hapo kwa sababu siku ambazo akaunti ina pesa zako hazidaiwi riba, wala hazipunguzi riba ya siku nyingine.

Sasa ushauri wangu ninaoung’ang’ania: usiishie kuuliza riba ilipaswa kuwa ngapi. Geuza hesabu. Chukua riba iliyokatwa, zidisha kwa 36,500, gawanya kwa shilingi-siku za mwezi huo, utapata kiwango ambacho benki imekitumia kweli. Fanya hivyo kwa miezi yote 12 na uviandike viwango mfululizo. Kwa duka lile, Januari hadi Agosti vilisimama kwenye 18. Septemba ilikuwa na shilingi-siku 51,100,000 na riba ya 28,000, na jibu likawa 20 kamili. Likabaki 20 hadi Desemba. Barua ya kubadilisha kiwango haikuwapo kwenye faili. Hilo ndilo la kuulizwa benki, si ile 4,500.

Ukishalipata, kumbuka kwamba shilingi 2,800 zilizozidi Septemba ziliingia kwenye deni, nazo zikazaa riba Oktoba. Jenga safu ya pili ya salio bila ziada hiyo, ndipo dai lako litimie.

Dhana: barua ya mkopo inasema benki inaweza kupandisha kiwango itakavyo, basi

Kwa Kenya si rahisi hivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinataka idhini ya Waziri kabla ya benki kuongeza viwango vya ada zake, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Stanbic na Santowels, iliamua kwamba riba nayo imo. Idhini huenda ipo. Iombe kwa maandishi.

Dhana: ada ya leja ni kodi ya serikali

Ni ada ya benki yenyewe, kwa benki nyingi ikihesabiwa kwa kila muamala unaotoka. Kodi ni ule mstari mdogo unaoifuata, `EXCISE DUTY`, ambao ni ushuru wa bidhaa juu ya ada. Riba ya mkopo haimo kwenye ushuru huo, kwa hiyo ukiuona umebandikwa kwenye `DEBIT INTEREST`, umepata kosa bila hata kikokotoo.

Kuikagua ada ya leja ni kuhesabu mistari tu. Duka lile lilikatwa 6,360 kwa mwezi mmoja, yaani miamala 212 kwa shilingi 30. Kati ya hiyo, 26 ilikuwa makato ya benki yenyewe: ada, ushuru, marekebisho. Benki ilikuwa inatoza ada kwa kutoza ada! Orodha ya ada iliyokuwa ikitumika mwaka huo ilitaja miamala ya mteja pekee.

Dhana: siku 30 zikipita huwezi kudai

Maneno hayo yapo chini ya stetimenti nyingi, na yanakuongezea mzigo wa ushahidi. Lakini Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Hata hivyo nenda mapema, maana nakala za stetimenti za zamani benki hukutoza.

Dhana: jumla ya makato ndiyo deni la benki kwako

Hii nayo! Jumla hukuonyesha gharama ya kuiendesha akaunti. Itenge kwa riba, ada na ushuru, utoe kila `REVERSAL` ili usihesabu kilichorudishwa, na umpe mhasibu wako, kwa sababu ni gharama ya biashara. Dai ni kile tu kisicholingana na barua ya mkopo au orodha ya ada. Kwa duka la vifaa vya ujenzi, jumla ya mwaka ilikuwa karibu 371,000. Dai, kwa riba ya Septemba hadi Desemba na ada ya leja pamoja na ushuru wake, lilikuwa kama 22,000.