Simbilisi analia ukimshika? Mwangalie magoti

Mama mmoja wa hapa Iringa aliniletea simbilisi wa mwanawe ndani ya boksi la viatu. "Daktari, nadhani kavunjika mguu. Tukimgusa tu analia."

Nilimpapasa polepole. Mifupa ilikuwa mizima, lakini magoti yote mawili ya nyuma yalikuwa yamevimba, manyoya yamekuwa makavu, na fizi zilikuwa na damudamu. Hicho ni kiseyeye, kilekile kinachotupata binadamu.

Alikuwa akilishwa chakula cha sungura cha dukani na pumba. Alishiba kila siku, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Sungura hujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Simbilisi hawezi, kwa sababu amekosa kimeng'enya cha kukamilisha kazi hiyo, kwa hiyo lazima aipate kwenye chakula kila siku. Akiikosa kabisa, wiki mbili au tatu zinatosha kuanza kumuumiza.

Simbilisi mzima mwenye afya anahitaji miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba anahitaji zaidi. Robo ya pilipili hoho mbichi inamtosha. Kipande cha pera nacho kina vitamini hiyo kwa wingi, ila kina sukari, kwa hiyo mpe mara mojamoja. Huyu alikuwa mgonjwa mwenye gramu 800, nikampa miligramu 50 kwa siku: nusu ya kidonge cha miligramu 100, kimesagwa kwa maji kidogo na kutiwa pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiiweke kwenye maji yake ya kunywa. Huko huharibika upesi, na hutajua amekunywa kiasi gani.

Nilipogeuza nyayo zake nilikuta zina vidonda. Banda lake lilikuwa na sakafu ya wavu wa waya, kama la kuku wa mayai. Nyayo za simbilisi ni laini, hazina manyoya, na mwenye magoti mabovu hukaa palepale kutwa nzima akikandamiza waya. Nikamwambia mama aweke ubao juu ya wavu, atandaze nyasi kavu kwa unene wa vidole vinne, na atoe zilizolowa kila siku. Nyasi hizo pia ndizo chakula chake kikuu, zisikatike bandani, maana meno yake yanaota maisha yote na kutafuna ndiko kunakoyapunguza. Banda lisikae juani, kwani joto humuua haraka.

Nilimkataza jambo moja zaidi: asimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Dawa hiyo ikinywewa huua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, na anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache.

Siku ya sita mama alipiga simu. Uvimbe ulikuwa umepungua, na mnyama alikuwa ameanza tena kupiga mluzi kila akisikia kisu kinakata hoho.