Chanya ya ugonjwa adimu: hiyo asilimia tano ni ya nani?

Mpwa wangu yuko Kidato cha Sita Masasi. Likizo hii amekuja kwangu Mtwara mjini, na hata chai haijapoa akanifungulia daftari. "Mjomba, niangalizie hesabu hii. Mwenzangu kapata asilimia 95, mimi nimepata karibu mbili. Nani kakosea?"

Swali lilikuwa hivi. Ugonjwa fulani unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake kinawanasa wagonjwa 95 katika kila 100, na kinawapa jibu hasi wazima 98 katika kila 100. Mtu asiye na dalili yoyote amepimwa, jibu likawa chanya. Uwezekano kwamba ni mgonjwa kweli ni kiasi gani?

Wamekosea wote wawili, ila makosa yao hayafanani.

Mwenzake ameligeuza sharti. Asilimia 95 ni uwezekano wa kupata chanya *ukishajua* kuwa mtu ni mgonjwa. Swali linataka upande wa pili: ukishaiona chanya, mgonjwa ni nani? Takriban kila mvuvi wa Mikindani anajua kuogelea, lakini ukimwona mtu anaogelea huwezi kusema moja kwa moja kuwa ni mvuvi. Huo ndio uwezekano wenye sharti: kwanza unabaki na wale tu waliotimiza sharti, kisha unawahesabu humo humo.

Mpwa wangu hilo alilijua. Aliandika:

```
0.95 × 0.001 / (0.95 × 0.001 + 0.05 × 0.999) = 0.0187
```

Umbo la hesabu ni zuri kabisa. Juu wapo wagonjwa wenye chanya, chini wapo wote wenye chanya, wagonjwa kwa wazima. Tatizo ni ile 0.05. Nilipomuuliza ameitoa wapi akasema, "Moja toa 0.95." Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana namba inakubali kutolewa na jibu linafanana na jibu la kweli. Lakini ile asilimia 5 ni ya wagonjwa ambao kipimo kimewakosa. Hao wamepewa hasi. Kwenye kundi la chanya hawamo. Tunaowahitaji ni wazima waliopewa chanya ya uongo, na hao wanatoka kwenye 98: moja toa 0.98, yaani 0.02.

```
0.95 × 0.001 / (0.95 × 0.001 + 0.02 × 0.999) = 0.0454
```

Asilimia nne na nusu. Aliitazama kwa mashaka, nami nikaona heri tutumie korosho. Tulimwaga korosho ghafi 1,000 jamvini (kuzihesabu kulitumaliza nusu saa) na moja tukaipaka chaki: huyo ndiye mgonjwa. Kisha tukatenga 20 zisizo na chaki, kwa kuwa asilimia 2 ya wazima 999 ni karibu 20. Tukaiongeza ile ya chaki. Pembeni zikawa korosho 21, moja tu ina chaki. Moja kwa 21 ni kama asilimia 4.8, imezidi kidogo kwa sababu tumechukulia kwamba kipimo hakimkosi mgonjwa hata mmoja.

Akakaa kimya, halafu akauliza swali zuri kuliko la daftarini: "Kwa hiyo daktari akiona chanya aidharau?"

Hapana. Ile 1 kati ya 1,000 ni ya watu waliopimwa bila dalili. Tuseme wanapimwa wenye dalili tu, na kati yao mmoja kwa kila kumi anaumwa. Katika watu 1,000, wagonjwa 100 watatoa chanya 95, na wazima 900 watatoa chanya 18. Sasa ni 95 kwa 113, yaani asilimia 84. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni watu walioletwa mbele yake.

Na akirudia kupima? Chanya ya pili ingempandisha yule asiye na dalili kutoka asilimia 4.5 hadi karibu 69, lakini kwa sharti kwamba kosa la mara ya pili halitegemei la mara ya kwanza. Kama kilichodanganya kipimo ni kitu kilichomo kwenye damu ya mtu huyo, kipimo kile kile kitadanganywa tena, na ile 69 haina msingi. Ndiyo maana kwenye upimaji wa VVU, chanya ya kipimo cha kwanza huthibitishwa kwa kipimo cha aina nyingine.

Mpwa wangu akafuta 0.05 yake, na pembeni ya 0.02 akaandika kwa penseli: "wazima".