H imeenda wapi? Aljebra iliyorukwa kati ya mstari wa pili na wa tatu

Slaidi ilikuwa na mistari mitatu tu, ya kutafuta f'(x), yaani ukali wa mchoro wa √x pale kwenye x. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Mbeya aliipiga picha darasani, akanitumia jioni na ujumbe mfupi: "Shikamoo kaka. Mpaka mstari wa pili niko sawa. Wa tatu sijui umetokea wapi. Ile h ya chini imeenda wapi?"

```
f(x)  = √x
f'(x) = lim (h→0) [√(x+h) − √x] / h
      = 1 / (2√x)
```

Swali lake ni zuri kuliko slaidi yenyewe. Kati ya mstari wa pili na wa tatu kuna aljebra ya kama mistari minne, na mwandishi wa slaidi ameiruka akiamini kila mtu ataijaza kichwani.

Kwanza, mstari wa pili unasema nini. Fikiria mteremko wa Iwambi, njia ya Mbalizi. Ukitaka kujua ukali wake unachagua sehemu mbili za barabara, unatafuta tofauti ya kimo kati yake, halafu unagawa kwa umbali wa kwenda mbele. Hapo umepata ukali wa wastani. Ukitaka ukali wa pale pale tairi lilipo, unaisogeza ile sehemu ya pili karibu zaidi na zaidi na ya kwanza. Kwenye mchoro wa √x, umbali huo wa kwenda mbele ndio h, tofauti ya kimo ndiyo √(x+h) − √x, na "lim", yaani kikomo, inauliza jibu linaelekea namba gani h inapoikaribia sifuri.

Kishawishi cha kwanza ni kuweka h = 0 palepale. Juu unapata √x − √x, ambayo ni 0, na chini 0. Sifuri kugawa kwa sifuri hakutupi jibu, kwa sababu namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri, kwa hiyo hakuna inayostahili kuchaguliwa kuliko nyingine. Usiandike kwamba jibu ni 0, wala usiandike kwamba jibu halipo. Hali hiyo inakuambia tu kwamba kuna h imejificha kwenye kiasi, na inabidi itolewe nje ikutane na h ya kwenye asili.

Tatizo ni kwamba h ya juu imefungiwa ndani ya kipeuo cha pili, pamoja na x. Wengi hapa wanavunja mlango: wanaandika √(x+h) = √x + √h. Jaribu kwa namba. √(9+16) ni √25, yaani 5. Lakini √9 + √16 ni 3 + 4, yaani 7. Ukiendelea na kosa hilo, juu inabaki √h peke yake, na √h/h ni 1/√h, kitu kinachokua bila mwisho h inapopungua. Ukijikuta hapo, rudi nyuma. Uliigawa alama ya kipeuo mahali isipogawika.

Njia halali ya kuondoa kipeuo ni kukipandisha kwenye kipeo cha pili, na kuna kanuni ya sekondari inayofanya hivyo bila kuacha uchafu:

```
(a − b)(a + b) = a² + ab − ab − b² = a² − b²
```

Angalia pale katikati: ab na −ab zinauana. Sasa a ni √(x+h) na b ni √x. Tunachohitaji ni kuzidisha juu kwa √(x+h) + √x, yaani usemi uleule uliobadilishwa alama ya katikati. Nitauita mwenza. Ukizidisha juu lazima uzidishe na chini kwa kitu hichohicho, ili usibadilishe thamani ya sehemu. Hii ndiyo mistari ambayo slaidi haikuionyesha:

```
[√(x+h) − √x]   [√(x+h) + √x]
------------- · -------------
      h         [√(x+h) + √x]

= [(x+h) − x] / ( h·[√(x+h) + √x] )
= h / ( h·[√(x+h) + √x] )
= 1 / [√(x+h) + √x]
```

Ukizidisha kwa usemi wenye alama ileile ya kutoa, yaani a − b mara a − b, unapata a² − 2ab + b², na vipeuo bado vimo ndani ya 2ab. Alama lazima igeuke. Pia, asili usiifumue. Iache ndani ya mabano, maana unaisubiri h ya juu ije ikatane na h ya chini.

Kukata h kunaruhusiwa kwa sababu kwenye kikomo h inaikaribia sifuri bila kuwa sifuri. Baada ya kukata, hakuna tena h inayosimama peke yake chini, hivyo sasa unaweza kuiacha ifike sifuri: √(x+h) inakuwa √x, asili inakuwa √x + √x, na hiyo ni 2√x. Hapo ndipo ile 2 ilipotoka.

Asiyeamini achukue kikokotoo. Weka x = 9. Kanuni inasema jibu ni 1/6, karibu 0.1667. Kwa h = 0.1, √9.1 ni 3.01662; toa 3, gawa kwa 0.1, unapata 0.1662. Kwa h = 0.01 unapata 0.16662. Lakini usizidishe udogo: ukiweka h = 10⁻²⁰, kikokotoo cha kawaida kitaona 9 + h ni 9 tu na kukupa 0. Weka h hiyohiyo kwenye 1/[√(x+h) + √x], utapata 1/6 bila shida. Kwa hiyo aljebra hii ina faida hata kwa anayetafuta namba tu.

Jibu la slaidi linahitaji x iwe kubwa kuliko 0. Kwenye x = 0 sehemu ya mwanzo inakuwa √h/h, ileile 1/√h, na mchoro unasimama wima hapo.

Mahali pengine pa kuteleza ni mabano. Jaribu √(2x+1). Juu, baada ya kuzidisha kwa mwenza, ni [2(x+h)+1] − [2x+1]. Ukisahau mabano ya pili unaandika 2x + 2h + 1 − 2x + 1, na unabaki na 2h + 2. Kipimo changu ni hiki: kabla ya kukata, kila kilichobaki juu lazima kiwe na h. Hiyo 2 haina, basi kuna alama imekosewa. Ukiwa sahihi juu ni 2h, chini inaishia 2√(2x+1), na jibu ni 1/√(2x+1).

Kipeuo cha tatu hakikubali mwenza huyu. Hapo unazidisha kwa a² + ab + b², kwa sababu (a − b)(a² + ab + b²) ndiyo inayotoa a³ − b³, na h inatoka nje kwa namna ileile.